Radi na kazi za nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (hasa kwa mlioko juu ya paa)

Maswali haya yanahusu watu wanaofanya kazi nje, na mkazo uko kwa mafundi wa paa na ujenzi wa juu, kwa sababu wao wana shida moja ambayo mkulima au mpima ardhi hana: hawawezi kukimbia tu. Lazima washuke kwanza.

Tusimame kazi lini hasa?

Ukisikia ngurumo, hata ile ya mbali inayonguruma kama tumbo lenye njaa, muda wa kusimama umeshafika. Masikio ya mtu kwa kawaida yanashika ngurumo ndani ya kama kilomita 15 hivi, na kwenye saiti yenye jenereta na grainda ni pungufu zaidi ya hapo, na radi yenyewe inaweza kutoka kwenye wingu ikapiga kilomita 10 au zaidi mbele ya mahali mvua inaponyesha. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukiisikia tu maana yake tayari uko kwenye eneo ambalo linaweza kupigwa, haijalishi juu yako kuna jua kali na anga la bluu. Wengi wanaopigwa hawapigwi kwenye mvua kubwa maana hapo kila mtu ameshakimbia, wanapigwa kabla mvua haijafika au baada ya kupita, wakati watu wanajiambia "bado" au "imeisha".

Si kuna ile ya kuhesabu sekunde? Mimi nahesabu, ikiwa mbali naendelea.

Ipo na hesabu yenyewe ni sahihi. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita 1. Sekunde 30 ni kilomita 10. Ndiyo maana zamani watu walifundishwa kwamba ikishuka chini ya sekunde 30 ingieni ndani.

Tatizo ni jinsi inavyotumika saiti. Kwanza radi zikiwa nyingi hujui ngurumo hii ni ya mmweko upi, unaweza kuhesabu sekunde 8 ukidhani iko karibu kumbe ni ya mmweko mwingine kabisa, au kinyume chake, na hiyo kinyume ndiyo mbaya. Pili mtu aliyeinamia screw hajaona mmweko wowote, amesikia tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, hesabu inakwambia ile radi iliyopita ilipiga wapi. Haisemi chochote kuhusu inayofuata, ambayo haina wajibu wa kupiga palepale.

Mimi naona kuhesabu kuna kazi moja tu ya maana: kujua wingu linakuja au linaondoka, na linakuja kwa kasi gani. Kwa uamuzi wa kushuka, usihesabu, shuka.

Sisi tuko ghorofa ya tatu tunaezeka, kushuka si mchezo. Tukisikia ngurumo tunakuwa tumeshachelewa?

Mara nyingi ndiyo, na swali hili ndilo linafaa kukaa nalo kidogo kwa sababu jibu la "ukisikia ngurumo ingia ndani" limetengenezwa kwa mtu ambaye mlango uko hatua chache.

Chukua mfano. Mafundi 6 wako juu ya paa, ngazi ni moja, na jengo lililokamilika ambalo wanaweza kujificha liko mita 250 kutoka hapo. Saa 8:10 mchana mmoja anaona mmweko, anahesabu, ngurumo inafika baada ya sekunde 36, yaani kilomita 12. Wanasema iko mbali, wanaendelea kupiga bati. Saa 8:16 mmweko mwingine, sekunde 24, yaani kilomita 8. Ndani ya dakika 6 wingu limesogea kilomita 4, hiyo ni kama kilomita 40 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwa wingu la radi.

Sasa tuseme walikuwa watiifu wakaanza kushuka palepale saa 8:10. Kufunga mabati yaliyo huru ili upepo usiyapeperushe, dakika 4, na hili huwezi kuliruka kwa sababu bati linaloruka nalo linaua. Watu 6 kushuka ngazi moja, kama dakika moja kila mtu, dakika 6. Kutembea mita 250, dakika 3. Jumla dakika 13, na ndani ya hizo dakika wingu limetembea karibu kilomita 9. Mtu wa mwisho anaingia mlangoni wakati wingu liko kilomita 3, na hapo ni wale waliotii mara moja. Waliosubiri mpaka 8:16 wako kwenye ngazi wingu likiwa juu ya vichwa vyao, na ngazi ya chuma juu ya jengo refu wakati huo ni moja ya sehemu mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo kwa gengi hili alama ya kusimama haiwezi kuwa ngurumo. Inabidi iwe kitu kinachokuja kabla yake: wingu refu jeusi linalokua kwenda juu upande upepo unapotoka, utabiri wa asubuhi uliosema radi mchana, au ramani ya radi kwenye simu inayoonyesha zinapiga kama kilomita 30. Wakianza kushuka zikiwa kilomita 30, kwa kasi ileile mtu wa mwisho yuko ndani wingu likiwa bado kilomita 21.

Hiyo maana yake tutakuwa tunashuka kila siku bure. Bosi hatakubali.

Ni kweli mkisimama mapema mtasimama mara nyingi zaidi, siwezi kukudanganya hapo. Lakini angalia zile dakika 13 zilikotoka. Nne ni mabati huru: mkiwa mnapandisha machache machache na kufunga kila mnapoweka, hizo nne zinaisha. Sita ni ngazi moja: mkiweka mbili zinakuwa tatu. Tatu ni mwendo: mkipaki basi dogo la bati chini ya jengo, upande usio na rundo la nondo, ni dakika moja. Dakika 13 zimekuwa 4, na kwa dakika 4 wingu linatembea chini ya kilomita 3. Hapo mnaweza kuisubiri kidogo ramani ionyeshe inakaribia kabla hamjashuka, kazi inapotea kidogo zaidi.

Hii ndiyo lugha ambayo bosi anaielewa, mpelekee dakika. Mpime siku ya jua, mtu mmoja ashike saa, wote washuke kama vile radi inakuja, muone mnatumia ngapi. Karibu kila gengi linajidanganya kwenye hili, wanakwambia dakika mbili.

Na zege je? Zege ikishaanza kumwagwa haisubiri radi.

Ndiyo, ndiyo maana uamuzi wa zege unafanyika kabla gari la kwanza halijamwaga. Siku yenye utabiri wa radi mchana, mwaga asubuhi mapema au gawa slabu vipande, na mkubaliane na injinia kabla ni wapi mtakata kiungio ikibidi. Slabu ina nondo zilizofungwa pamoja eneo zima na nyie mmesimama juu yake na viatu vimeloa, yaani ukitafuta mahali pa hatari zaidi hutapata kirahisi. Zege iliyokatwa vibaya inavunjwa, inarudiwa.

Tujifiche wapi?

Kuna sehemu mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni jengo lililokamilika, lenye kuta pande zote, paa, waya za umeme na mabomba ya maji ukutani. Watu wanadhani waya na mabomba ndiyo hatari, kumbe ndiyo yanayosaidia: radi ikipiga jengo inapata njia ya kwenda ardhini bila kukupitia wewe. Ila ukiwa ndani usishike hizo njia, yaani usioge, usioshe vyombo, usishike mashine iliyochomekwa ukutani, usiegemee ukuta wa zege wala usilale kwenye sakafu ya zege kwa sababu kuna vyuma ndani yake. Kaa mbali na milango na madirisha.

Ya pili ni gari lenye paa la chuma na milango iliyofungwa na vioo vimepandishwa. Kinachokulinda ni bodi ya chuma inayoupitisha umeme nje kukuzunguka mpaka chini. Matairi hayahusiki kabisa, radi imeshavuka kilomita kadhaa za hewa, haiwezi kushindwa na sentimita chache za mpira. Weka mikono mapajani, usishike usukani wala redio wala kitasa. Na waliokaa nyuma kwenye bodi ya pikapi hawajajificha, hata kama wamejifunika turubai.

Jengo lenyewe tunalojenga halifai? Lina kuta na slabu juu.

Halifai kulitegemea. Bado halina waya na mabomba yaliyounganishwa ardhini, nondo zimechomoza juu ya nguzo, na radi ikipiga nondo hizo inashuka ndani ya nguzo inavyojua yenyewe, ikiona mtu ameegemea inaruka kwake. Jengo lisilo na kuta ndiyo kabisa. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapokaa: mvua inakuja, wanashuka ghorofa moja, wanakaa chini ya slabu wanapiga stori. Wamekwepa maji tu.

Kontena la stoo je? Na kabini ya eskaveta?

Kontena la chuma zima, mlango umefungwa, linafanya kazi kama bodi ya gari, mradi msiguse kuta na msikae mlangoni. Mlango ukiwa wazi na mmejazana pale mnaangalia mvua, faida inapungua sana. Eskaveta, buldoza au greda lenye kabini ya chuma iliyofungwa pande zote ni sawa: shusha kijiko chini, zima, funga mlango na vioo, mikono mapajani. Lakini usiruke kutoka kwenye mashine wakati radi inapiga karibu, bora ubaki humo. Trekta la wazi, forklifti isiyo na kabini na pikipiki hazilindi chochote.

Opereta wa krini ya mnara ni habari nyingine kwa sababu yeye kushuka kunachukua muda kuliko wote, basi yeye ndiye anayeanza. Saa yake ndiyo inayoamua saiti nzima inaanza kusimama lini.

Kibanda cha mabati, hema, chini ya mti?

Hapana kwa vyote. Ngoja nieleze kwa nini, kwa sababu watu wanadhani radi inaua kwa kukudondokea kichwani tu. Kumpiga mtu moja kwa moja ni sehemu ndogo. Inayoumiza zaidi ni ile inayopiga mti au ardhi kisha ikasambaa kwenye udongo: mguu mmoja uko karibu na ilipopiga na mwingine mbali kidogo, kati ya nyayo zako kunakuwa na tofauti ya umeme, basi unapanda mguu huu unashukia ule. Ndiyo maana ng'ombe wengi wanakufa kwa mpigo mmoja, miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Njia nyingine ni kuruka: radi inashuka kwenye mti au nguzo ya kibanda, ikikaribia chini inaona mtu amesimama kando, inahamia kwake. Mti unakupa hatari zote mbili kwa pamoja. Kibanda cha nguzo nne na bati juu ni vilevile, hata kama kina mabenchi mazuri.

Viatu vya mpira, glovu, helmeti ya plastiki?

Havisaidii, kwa sababu ileile ya matairi.

Nikivua mkanda na kutupa nyundo, je? Si chuma kinavuta radi?

Chuma hakivuti radi. Kinachoamua radi ipige wapi ni urefu, kuwa peke yake na kuwa na ncha, ndiyo maana mtu juu ya paa tupu ni shabaha hata akiwa na nyundo ya mbao. Ila chuma kirefu kinasafirisha umeme vizuri sana: uzio, bomba, reli, jukwaa la chuma, waya. Radi ikipiga uzio mita mia kutoka ulipo na wewe umeushika, umepigwa. Kwa hiyo usipoteze muda kuvua mkanda, tumia muda huo kushuka na kuacha kushika vitu virefu vya chuma.

Simu tuzime?

Hapana, simu ya mkononi haiiti radi, na utaihitaji kuangalia ramani na kupiga simu ya dharura. Isipokuwa usiichomeke chaji ukutani.

Imetukuta wazi kabisa, hakuna gari wala jengo. Tufanye nini?

Hapa niseme wazi kwamba hakuna kitu cha kufanya kinachokufanya uwe salama. Kuna vya kupunguza tu. Shuka kutoka juu, toka kwenye kilima, ondoka kwenye mti ulio peke yake, jitenge na maji, uzio na rundo la nondo, na endelea kwenda kwenye gari au jengo hata kama ni mbali. Msiende kwa kundi, achianeni mita kadhaa ili mpigo mmoja usiwaangushe wote na abaki wa kuwasaidia wenzake. Ile ya kuchuchumaa na kubana miguu pamoja inapunguza kidogo ule umeme wa ardhini, lakini wengi wanaichukulia kama kinga wanachuchumaa robo saa palepale badala ya kutembea. Usilale chini kamwe.

Mvua imeisha, jua limetoka. Turudi?

Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Siyo tangu mvua ilipokatika, tangu ngurumo ya mwisho, na kila mkisikia nyingine saa inaanza upya kutoka sifuri.

Turudi kwa lile gengi letu. Ngurumo ya mwisho saa 9:05, mvua imekatika 9:10, jua linawaka. Saa 9:27 wako tayari na mikanda, inasikika moja, mbali sana, dhaifu. Foremani akisema "hiyo imeshaondoka, twende", amefanya kosa ambalo linaua: wingu linaloondoka linaacha nyuma yake sehemu pana ya juu yenye chaji, na radi ya kutoka hapo inakuja ikiwa juu yenu kuna anga safi. Kuanzia 9:27 wanahesabu tena, wanapanda 9:57 kama hakuna nyingine. Kama ni saiti yenye makelele, mtu mmoja atoke kwenye kelele asikilize, au mzime jenereta, kwa sababu hesabu ya dakika 30 haina maana kama hakuna anayesikia.

Mkipanda, angalieni kwanza ngazi, jukwaa na kamba kama upepo umezisogeza, mabati yameloa na yanateleza.

Nani atoe amri?

Mtu mmoja anayejulikana asubuhi kabla kazi haijaanza, na asiwe yule anayeshindana na tarehe ya kukabidhi kazi. Amri ya kusimama mtu yeyote anaweza kuitoa, hata kibarua wa siku ya kwanza. Amri ya kurudi anaitoa yule mmoja tu.

Mwenzetu amepigwa. Nikimgusa sitapigwa na mimi?

Hutapigwa naye, mwili haubaki na umeme. Hatari iliyopo ni radi nyingine, kwa hiyo kama mnaweza kumbebea ndani haraka, mbebeni, na mwingine apige simu ya dharura.

Kama hajibu na hapumui vizuri, anza kubonyeza kifua katikati, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kama umefundishwa mpe pumzi 2 kila baada ya kubonyeza 30. Pumzi hapa zina uzito wake. Radi inasimamisha moyo, na mara nyingi moyo unaanza wenyewe tena, lakini kupumua kunachelewa kurudi, na moyo ulioanza ukikosa hewa unasimama mara ya pili. Kama kuna mashine ya kushtua moyo saiti, iletwe, iwashwe na muifuate inavyosema.

Wakiwa wengi wameanguka, anza na wale wanaoonekana wamekufa. Kwenye ajali nyingine unaambiwa kinyume, ila kwa radi anayelia na kulalamika ana uwezekano mkubwa wa kupona hata ukimwacha dakika chache, na yule aliyenyamaza kimya ndiye anayehitaji mikono yako sasa hivi. Baadaye wote waende hospitali, pamoja na aliyesema "niko poa", kwa sababu masikio kupasuka, matatizo ya moyo, kusahau na ganzi vinaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa au siku.